Kuondoa unga sokoni: wakala aambiwe nini ili ajue la kufanya leo

Pita duka lolote la mtaani Manzese au Tandale utakuta mfuko wa sembe wa kilo 25 umefunguliwa, mdomo umekunjwa kwa nje, na kopo la kupimia limelazwa juu ya unga. Mwenye duka alipoufungua alivuta uzi ukagoma, akachukua kisu akakata ukingo wote wa juu na kuutupa. Kwenye ukingo huo ndipo kiwanda kilipogonga tarehe na namba ya bachi, yaani ya mkupuo mmoja wa usagaji. Kiwanda kikitangaza kesho kwamba bachi fulani irudishwe, muuzaji huyu hana namna ya kujua kama ni yeye anayeambiwa.

Barua nyingi za kuondoa bidhaa sokoni zinamsahau mtu huyu, na zinamsahau wakala aliyemuuzia. Zinaandikwa na watu wa ofisini kwa ajili ya watu wa ofisini: mwanasheria aridhike, mdhibiti aone nakala, jalada lifungwe. Wakala wa jumla anaipata kwenye simu huku vijana wanashusha mzigo, anasoma mistari mitatu ya mwanzo, haoni anatakiwa kufanya nini, anaendelea na kazi. Unga unaendelea kuuzwa. Makala hii inachukua tukio moja la kubuni, lakini la aina inayojulikana sana kwetu, na kulifuata hatua kwa hatua: kiwanda cha sembe mkoani Morogoro kimegundua sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, kwenye unga ambao tayari umeshatoka getini.

Tuanze na kiwanda kinachojua. Mahindi yalinunuliwa Kibaigwa, yakasagwa zamu ya usiku ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025 na zamu ya asubuhi iliyofuata. Sampuli iliyobaki kiwandani ikapelekwa maabara, na majibu yakarudi tarehe 25: sumukuvu mikrogramu 38 kwa kila kilo ya unga. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mwisho 10, na kati ya hizo ile aina kali zaidi, inayoitwa B1, isizidi 5. Zamu zile mbili zilifunga mifuko 960 ya kilo 25, yaani tani 24. Mifuko 140 bado iko ghalani. Mifuko 820 imekwenda kwa mawakala saba wa Morogoro, Dar es Salaam na Tanga.

Kiwanda kinawajulisha Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula baada ya kazi hiyo kuhamishwa kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Hiyo ni barua moja, na ina lugha yake. Barua ya mawakala ni nyingine kabisa. Kosa la kwanza ambalo viwanda hufanya ni kuchukua ile ya kwanza, kubadilisha anwani, na kuituma kwa mawakala. Matokeo yake ni kitu cha namna hii:

"Ndugu mteja wetu mpendwa. Kwa zaidi ya miaka kumi tumeendelea kuwa mstari wa mbele katika kutoa bidhaa zenye ubora wa hali ya juu. Kama sehemu ya dhamira yetu hiyo, tumebaini changamoto ndogo ya kiubora katika baadhi ya bidhaa zetu na tumeamua kwa hiari yetu kufanya zoezi la marejesho. Tunaomba ushirikiano wenu. Tunasikitika kwa usumbufu utakaojitokeza."

Isome kama inavyosomwa na mtu mwenye mifuko 400 stoo. Bidhaa gani? Changamoto gani? Ushirikiano wa kufanya nini, lini? Hakuna jibu hata moja, na neno "ndogo" limempa ruhusa ya kumaliza mzigo kwanza. Kanuni za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani zinalipinga hili wazi: taarifa ya kuondoa bidhaa sokoni isiwe na matangazo ya biashara wala maneno ya kujihami yanayopunguza uzito wa ujumbe. Zinashauri hata kwamba juu ya barua na juu ya bahasha iandikwe, ikiwezekana kwa wino mzito mwekundu, kuwa bidhaa inaondolewa sokoni, pamoja na neno HARAKA. Bahasha kwetu haina kazi sana siku hizi, lakini wazo ni lilelile: mstari wa kwanza unaotokea kwenye kioo cha simu kabla hata ujumbe haujafunguliwa ndio useme kuna nini.

Swali la kwanza la wakala ni "je, ni wangu?" Asipolipata jibu haraka hasomi zaidi. Na hapa kuna mtego. Ofisini watu wanajua namba za bachi, ni 110625B na 120625A, wanadhani wakizitaja kazi imekwisha. Lakini ankara za unga hapa kwetu huandika "sembe kg 25 × 200" na bei, hazitaji bachi. Kiwanda chenyewe mara nyingi kinajua gari lilitoka siku gani na mifuko mingapi, hakijui gari lile lilipakiwa kutoka rundo lipi. Kwa hiyo orodha ya wanaoandikiwa haiwezi kuwa "waliochukua bachi hizo". Inabidi iwe "wote waliochukua sembe ya kilo 25 tangu tarehe 12 Juni hadi leo", hata kama baadhi yao watakuta hawana mfuko hata mmoja. Namba ya bachi inakwenda kumsaidia wakala kuchambua stoo yake. Tarehe za kupakia ndizo zinazokusaidia wewe kujua umwandikie nani.

Namba yenyewe nayo ioneshwe ilipo. Piga picha ya ukingo wa mfuko, zungushia namba kwa rangi nyekundu, itume pamoja na ujumbe. Waambie herufi ya mwisho ni zamu, maana mtu akiona 110625A atajiuliza kama nayo imo. Haimo, iseme wazi kwamba haimo. Iseme pia kwamba mifuko ya kilo 5 na kilo 10 haihusiki, kwa sababu usiposema, wakala mwoga atarudisha kila kitu na wakala jasiri hatarudisha chochote.

Vipi ule mfuko uliokatwa ukingo? Kuna jibu moja tu salama: mfuko wa kilo 25 uliofunguliwa, usio na namba, ulionunuliwa katika tarehe hizo, unahesabiwa kuwa umo. Utarudisha unga fulani uliokuwa mzima, ndiyo. Hiyo ni gharama ya kugonga namba mahali panapokatwa, na ni ya kiwanda.

Tofauti kati ya bachi na chapa nzima si jambo la kitaalamu tu. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumukuvu, na agizo likahusu chapa kwa majina yake. Agizo la namna hiyo muuzaji halimpi shida ya kuelewa: jina hili ondoa rafuni. Aprili 2024 mambo yalikuwa tofauti. Mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kukuta kemikali ya sumu iitwayo dietilini glaikoli kwenye dawa moja ya kikohozi ya watoto iliyotengenezwa Afrika Kusini. Mtengenezaji baadaye alisema vipimo vyake havikuikuta. Lakini agizo lilikuwa limeshatoka, na lilihusu bachi moja, namba 329304. Kenya, Rwanda na Tanzania nazo zikaiondoa sokoni. Mwenye duka la dawa aliyekuwa na chupa sita za dawa hiyohiyo alitakiwa kugeuza kila chupa na kusoma namba. Agizo la bachi linaokoa mali nyingi isiyo na kosa, lakini linamtwika muuzaji kazi ya kusoma, na kazi hiyo haifanyiki asipooneshwa pa kusoma.

Baada ya "je, ni wangu?" huja "kwani una nini?" Hapa viwanda hugawanyika mara mbili. Wapo wanaoficha, wakisema "changamoto ya ubora". Wapo wanaomwaga ripoti ya maabara nzima, na majina ya mashine. Wakala anahitaji sentensi nne hivi, na kila moja iwe inazuia jambo fulani asilifanye.

Kwa sumukuvu, jambo la kwanza atakalofanya ni kuutazama unga. Ataona mweupe, haunuki, hauna mende, atasema uko safi. Kwa hiyo sentensi moja iseme kwamba sumu hii haionekani, hainuki na haibadilishi ladha. La pili, mteja wake atasema "si unapikwa?" Sumukuvu inastahimili joto la jikoni, ugali ukisongwa hata nusu saa, sumu nyingi hubaki mlemle. Kuchekecha hakusaidii, kuanika juani hakusaidii. La tatu, wakala mjanja atapeleka kopo moja la unga apimiwe, majibu yatoke mazuri, aje na karatasi yake. Hii inahitaji maelezo kidogo, maana karatasi inaweza kuwa ya kweli kabisa. Kuvu haoti kwenye kila punje. Katika gunia zima punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote, na hata baada ya kusagwa haisambai sawasawa mifukoni. Kopo moja linaweza kukosa sehemu yenye sumu. Ndiyo maana maabara huchota sehemu nyingi ndogondogo kutoka mifuko mingi, huzichanganya, kisha ndipo hupima. Kopo safi la wakala mmoja haliisafishi bachi.

La nne ndilo ninaloona likiachwa mara nyingi, nalo ndilo hatari zaidi. Ukimwambia mfanyabiashara unga huu haufai kwa watu, kichwani mwake unageuka papo hapo kuwa chakula cha kuku. Hatupi mali. Na mfugaji atafurahi, bei imeshuka. Sasa, sumukuvu iligunduliwa hasa kupitia mifugo: mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Kuku wanadumaa na kufa, na ng'ombe wa maziwa akila, sehemu ya sumu inatokea kwenye maziwa, ikarudi kwa watoto walewale uliotaka kuwakinga. Barua isiposema "usiuze wala usigawe kama chakula cha mifugo", imeacha mlango wazi.

Kuhusu madhara kwa binadamu, sema ukweli kwa kipimo chake. Anayekula kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibika ini na anaweza kupata saratani ya ini. Kiasi kikubwa kwa muda mfupi kinaua: mwaka 2004 mashariki mwa Kenya waliugua watu 317 na wakafa 125, na mwaka 2016 mikoa ya kati ya Tanzania waliugua 68 na wakafa 20. Hayo yalikuwa mahindi yenye sumu mara nyingi zaidi ya mikrogramu 38, kwa hiyo kuandika kwamba aliyekula ugali jana atakufa ni uongo unaoleta taharuki. Kuandika kwamba hakuna tatizo ni uongo wa pili. Kati yake kuna maneno ya kutosha: "haujaripotiwa ugonjwa, lakini unga huu umezidi kiwango karibu mara nne na usiliwe."

Halafu swali la tatu, ambalo hataliuliza kwa sauti: nani analipa?

Hili mimi ningeliweka juu ya mambo yote yanayokwamisha kazi hii. Wakala amenunua mifuko 200 kwa mkopo wa siku 14, faida yake kwa mfuko ni ndogo. Barua inamwambia aache kuuza. Isiposema lolote juu ya pesa, yeye anasikia kwamba hasara ni yake, na mtu anayesikia hivyo saa nne asubuhi anaweza kuwa amemaliza mzigo kufikia saa kumi jioni, kwa bei ya chini, kwa watu asioweza kuwataja. Barua yenye sentensi ya malipo inageuza hesabu hiyo: mfuko ulio stoo sasa una thamani kuliko mfuko uliouzwa kwa kificho. Hata ule wa dukani uliofunguliwa ulipwe, kwa kilo zilizobaki baada ya kupimwa mbele ya mwenye duka. Mhasibu atalalamika. Mwambie alinganishe na gharama ya unga huo ukibaki mtaani.

Ndipo zinakuja hatua za kufanya. Kuna maagizo matatu tofauti ambayo barua nyingi huyachanganya kwenye neno moja la "marejesho". Kuacha kuuza ni jambo la dakika hii. Kutenga ni la leo. Kurudisha ni la wiki hii, gari likija. Ukisema "rudisheni" peke yake, wakala anaelewa kwamba mpaka gari lije bado yuko huru, au kijana wake anapakia mifuko kwenye guta na kuanza safari ambayo hakuna anayeifuatilia. Kila agizo lipewe saa yake.

Kutenga nako kuna namna. Mifuko iliyoandikwa na chaki ikaachwa kwenye rundo lilelile itauzwa na kijana wa zamu ya kesho ambaye hakuwapo. Ihamishwe kwenye pembe moja, izungushiwe kamba, ipigwe alama ya X kwa rangi ya kupulizia mbele na nyuma ya kila mfuko, na karatasi ya USIUZE ibandikwe ukutani. Mfuko wenye X haurudi rafuni hata kwa bahati mbaya, na ukikutwa mtaani unajulikana ulitoka wapi. Wasichome wala kumwaga wenyewe. Unga uliomwagwa jalalani huokotwa, na uliochomwa bila shahidi hauna hesabu: TBS watataka kuona, na wewe utashindwa kumlipa mtu kwa majivu.

Sasa barua yenyewe. Hii ni ya ukurasa mmoja, na inaweza kubandikwa WhatsApp kama ilivyo:

HARAKA: ACHENI KUUZA SEMBE KG 25 BACHI 110625B NA 120625A
Kwa mawakala wote waliochukua sembe ya kilo 25 kati ya tarehe 12 na 25 Juni 2025.

Ndugu wakala, acha kuuza sasa hivi sembe yetu ya mfuko wa kilo 25 yenye namba 110625B au 120625A. Namba iko kwenye ukingo wa juu wa mfuko, chini ya mshono (tazama picha). Mfuko wa kilo 25 uliofunguliwa na usio na namba, kama ulinunuliwa tarehe hizo, nao umo. Mifuko yenye namba nyingine haimo. Kilo 5 na kilo 10 hazimo.

Sababu: maabara imekuta sumukuvu mikrogramu 38 kwa kilo, mwisho unaoruhusiwa ni 10. Sumu hii haionekani, hainuki, haiondoki kwa kupika, kuchekecha wala kuanika. Inadhuru ini. Inadhuru pia mifugo na kuingia kwenye maziwa. Mpaka sasa hatujapata taarifa ya mgonjwa. TBS wamejulishwa.

Leo kabla ya saa 12 jioni: tenga mifuko yote pembeni, piga X kwa rangi, bandika USIUZE. Kama una gari njiani, mpigie dereva asishushe. Hesabu mifuko, kisha tutumie majibu matatu kwa namba iliyo chini: ulipokea mingapi, iliyopo stoo mingapi, uliyouza mingapi. Kama huna hata mmoja, andika SIFURI na ututumie.

Kesho kabla ya saa 6 mchana: pigia maduka yote uliyoyauzia, uwasomee ujumbe huu, na ututumie orodha yao na idadi. Usiuze wala kugawa unga huu kwa mtu au mfugo. Usichome, usimwage.

Gari letu litapita Ijumaa na Jumamosi. Kila mfuko utalipwa kwa bei uliyonunulia, kwa kredit noti ndani ya siku 7. Uliofunguliwa utapimwa na kulipwa kwa kilo. Utakachowarudishia wenye maduka tutakurudishia. Usafiri ni juu yetu. Deni la mzigo huu limesimama kuanzia leo.

Kisha jina la mtu mmoja, si "uongozi", na namba ya simu inayopokelewa hadi usiku.

Angalia sentensi ya dereva. Haimo katika mifano mingi ya barua hizi, lakini kati ya ghala la kiwanda na stoo ya wakala daima kuna mzigo barabarani ambao haumo kwenye hesabu ya upande wowote. Kiwanda kinasema umetoka, wakala anasema haujafika. Fuso moja lililolala Chalinze linaweza kubeba tani kadhaa za sumu ambazo kila mtu ana uhakika hana.

Angalia pia SIFURI. Wakala asiyejibu anaweza kuwa hana mfuko, anaweza kuwa hajasoma, anaweza kuwa anamaliza mzigo. Kwa nje hali zote tatu zinafanana. Alama mbili za buluu za WhatsApp zinathibitisha tu kwamba simu imefunguliwa, pengine na mtoto. Ukiomba jibu kwa wenye mzigo tu, utakuwa na majibu manne kati ya saba na hutajua uanze kumtafuta nani. Ukiomba jibu kwa kila mtu, walio kimya wanajitenga wenyewe, na hao ndio wa kupigiwa simu jioni hiyo na kutembelewa kesho asubuhi.

Simu yenyewe iandamane na barua, isichelewe. Ofisa mauzo anayewajua mawakala apige, na ajue kusikiliza. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, shikamoo. Umeuona ujumbe wetu?"

"Marahaba mwanangu. Nimeuona, lakini mimi wa kwangu mzuri, nimeuangalia mwenyewe."

"Sumu yenyewe haionekani kwa macho, Mama. Naomba unisomee namba ya mfuko wa juu kabisa."

"Subiri nimwite kijana… anasema moja tisa sifuri sita mbili tano, A."

"Huo uko salama, uza. Sasa naomba ashuke hadi mfuko wa tatu na wa nne chini yake, mzigo wa Jumatatu si mliupanga juu ya ule wa wiki iliyopita?"

Pale ndipo bachi inapopatikana, chini ya mzigo mpya. Bidhaa ya zamani inatakiwa itoke kwanza, lakini nani atahamisha mifuko mia ya kilo 25 kila gari likija? Ofisa anayelijua hilo hatosheki na mfuko wa juu.

Majibu yakianza kuingia, kazi inakuwa ya hesabu. Chukua wakala mmoja wa Tanga. Alipokea mifuko 200. Iliyopo stoo 64. Aliyouza 136, kwa maduka kumi na moja. Gari likirudi limebeba ile 64, pamoja na 71 iliyofungwa kutoka madukani, na mifuko 9 iliyofunguliwa ikiwa na unga. Yaani kati ya 136 iliyouzwa, 80 imepatikana na 56 imekwisha kwenda kwa walaji. Hiyo 56 isifichwe, kwa sababu ndiyo inayoamua hatua inayofuata: kama ni mingi, tangazo linatakiwa lifike kwa walaji wenyewe, kwa redio ya mkoa na kwa karatasi iliyobandikwa kwenye maduka yale kumi na moja, likisema mwenye unga wa kupima kutoka duka hili tangu tarehe fulani aurudishe. Ila kama mahesabu yanakataa, tuseme stoo 64 na mauzo 120, basi mifuko 16 iko mahali. Mara nyingi si wizi. Ni mauzo ya fedha taslimu kwa mama lishe na wenye bodaboda ambayo hayakuandikwa popote. Muulize hivyohivyo, bila kumtuhumu: "Ile ya wapita njia, kama mingapi?"

Wakala akisema amewapigia maduka yote, mwamini, kisha nenda kaangalie. Kanuni za Marekani nilizozitaja zina utaratibu wa kuhakiki kama taarifa imefika kweli, kuanzia kuwafuata wote kwa asilimia 100 hadi kuchagua wachache, kwa kadiri ya hatari. Kwa maduka kumi na moja hakuna sababu ya kuchagua. Kijana mmoja na pikipiki anayamaliza kwa siku. Asiulize "mlipata ujumbe?" maana watajibu ndiyo. Aulize "mliambiwa mtoe mfuko upi, na uko wapi sasa?" Mwenye duka akijibu "ule wenye namba, nimempa jirani ana kuku," unajua sentensi ipi haikusomwa.

Kisha wakala aandikiwe mara ya mwisho, jambo ambalo karibu kila kiwanda husahau. Mawakala hubaki na pembe ya stoo iliyozungushiwa kamba na wateja wanaouliza kila siku kama unga huu ni ule, na wengine huacha kuagiza kwa sababu tu hawajui limekwisha au la. Barua hii ni fupi: mifuko mingapi ilitoka, mingapi imerudi, imeteketezwa wapi mbele ya ofisa gani wa TBS, kredit noti yako ni namba ngapi na ya shilingi ngapi. Halafu mstari wa mwisho, wenye picha nyingine ya ukingo wa mfuko: sembe ya kilo 25 kuanzia namba 120625B imepimwa, iuzwe.